Asilimia Nane na Shingo ya Ngendo

Ngendo, au Mama Lynn kwa wenzake, ni fundi wa nguo pale Mugutha, yule anayekurudishia hata kipande cha kitambaa kilichobaki. Ndiyo sababu wanawake wenzake tisa wa chama chao cha akiba walimwachia uweka hazina miaka sita mfululizo bila kumuuliza swali. Januari hii walimuuliza.

Walikuwa wamekaa kwake kama kawaida, chai mkononi, akiwasomea karatasi ya mwaka kutoka kampuni ya Thika inayowawekea pesa kwenye hisa. "Faida ya mwaka, asilimia nane." Wakapiga makofi. Akasoma mstari wa chini: "Salio, laki tano na arobaini elfu."

Makofi yakakatika.

Nakhumicha, mwenyekiti, alikuwa tayari ameshika simu anapiga hesabu. "Tulianza mwaka na laki moja. Mwisho wa Agosti tukauza hema na viti vyetu vya kukodisha, tukaongeza laki tano. Hiyo ni laki sita. Nane juu yake ni elfu arobaini na nane. Toa zile elfu ishirini tulizochukua za matanga ya jirani yetu mzee Waweru, mwisho wa Aprili." Akainua macho. "Tungekuwa na laki sita na elfu ishirini na nane. Elfu themanini na nane imeenda wapi, Mama Lynn?"

Ngendo akahisi shingo inapata moto. Akageuza karatasi kutafuta mstari mwingine, na kutafuta mbele ya wanawake wanaokutazama hivyo ni kama kukiri. Wakampa wiki moja, hadi Jumapili ijayo. La sivyo, cherehani zake mbili zingebebwa.

Alhamisi akaenda Thika. Nakhumicha naye akaenda, karatasi ikiwa ndani ya kibeti chake mwenyewe. "Si eti sikuamini," alisema. Lakini hakuitoa.

Kijana wa kule ofisini, Kimanzi, alikuwa na kiatu kinachong'aa na tabasamu la haraka mno. Ngendo hakulipenda lile tabasamu. Huyu ndiye amekula, alijiambia.

Kimanzi akawageuzia kompyuta. "Angalieni tarehe. Hadi mwisho wa Aprili hisa zilipanda kwa asilimia ishirini. Laki yenu ikawa laki na ishirini elfu. Mkatoa elfu ishirini, ikabaki laki. Hadi mwisho wa Agosti bei ikasimama palepale. Mkaleta laki tano. Kutoka hapo hadi Desemba bei ikashuka kwa asilimia kumi."

Ngendo alikuwa anaandika kwenye kiganja. Kumi ya laki sita, elfu sitini. Inabaki laki tano na arobaini. Hakuna hata shilingi iliyopotea njiani.

"Sasa hiyo nane umeitoa wapi, kijana?" Nakhumicha akauliza.

"Shilingi mia iliyokaa mwaka mzima bila kuguswa ilifika mia na ishirini, kisha ikashuka hadi mia na nane. Hiyo nane inapima kazi yetu ya kuchagua hisa, mama, kwa sababu si sisi tunaoamua mtaleta pesa lini au mtatoa lini."

"Na hesabu yetu sisi?"

"Yenu inaangalia ni pesa ngapi ilikuwa ndani wakati gani. Kupanda kulikuta laki moja tu. Kushuka kukakuta laki sita." Akabonyeza. "Mlipata elfu ishirini, mkapoteza sitini: hasara ya elfu arobaini. Kwa mwaka, ni hasara ya kama asilimia kumi na tano."

"Ai! Na ukatuandikia ile inayokupamba wewe," Ngendo akasema.

"Si uongo, mama."

"Sijasema ni uongo. Nimesema umeandika moja. Andika zote mbili, na tarehe zake, upige muhuri."

Tabasamu likapungua, lakini akaandika.

Nje, Nakhumicha akamshika mkono. "Mama Lynn, Jumapili tusome ile nane peke yake. Hii nyingine itavunja chama."

Ngendo akamtazama. Si yeye aliyekuja na karatasi ya Aprili, yenye faida ya asilimia ishirini, akisema hapa pesa inazaa, tuuze hema? "Tukisoma nane peke yake, zile themanini na nane zinabaki shingoni mwangu."



Jumapili Ngendo akasoma yote, tarehe kwa tarehe, mpaka kila mmoja akaweza kupiga hesabu mwenyewe. Mmoja akaomba karatasi, akaishika kwenye mwanga kukagua muhuri. Akairudisha. Hakuna aliyesema pole.

"Na nani alisema tuuze hema?" sauti ikauliza kutoka nyuma.

Macho yote yakahama, pole pole, yakatua kwa Nakhumicha. Ngendo aliyajua macho hayo. Yalikuwa yamemkalia siku saba.

"Mikono tuliinua wote kumi," akasema. "Na mimi nikiwa hapo."

Halafu akawaambia wachague mtu mwingine wa kushika kitabu cha hesabu, anayetaka ainue mkono.

Hakuna aliyeinua mkono.