Walisema Nimekauka

Hata leo nikisikia mutu anasema mwanamuke "amekauka", natamani kutema mate.

Nilikuwa na miaka arobaini na saba na mujukuu wa kwanza. Miaka mingi nilichoma sindano ya kuzuia uzazi kila miezi tatu, kwani uzazi wa mwisho ulinimwaga damu karibu kunizika. Muganga wa hospitali alisema wazi: mimba ingine, kifo. Sasa damu ya mwezi ilikuwa imekatika zaidi ya mwaka. Dada ya bwana yangu alitangaza mbele ya wamama wa kanisa, sahani ya sombe, yale majani ya muhogo, mukononi: "Huyu amekauka! Sindano ya nini tena? Koko mzima, bibi wa wajukuu!" Wakacheka mpaka machozi. Bwana yangu naye akacheka, mjinga. Kwa haya nikaacha sindano.

Miezi ikapita. Bwana akasafiri mpaka mji wa Kiwanja kwa biashara, mwezi na zaidi. Asubuhi moja kichefuchefu. Mungu wangu! Nikakimbia kwenye sentre ya afya pale Katoyi. Wasichana kwenye foleni wakanitazama na kunong'ona: "Koko naye?" Puu! Nilichukia macho yao, nilichukia hata harufu ya dawa mle ndani.

Mama muganga alinipima mukojo. Hakuna mimba.

"Mama, nani alikuambia umemaliza?" akauliza.

"Damu haikuje."

"Sindano ndiyo iliifunga. Ukiwa kwenye sindano, kukosa damu hakuonyeshi kitu. Na hata mwezi ukianza kuruka-ruka, yai linaweza kutoka bado."

"Basi nitajua lini?"

"Chini ya miaka makumi tano, ungojee miaka mbili kamili bila damu, bila sindano wala kidonge cha kuzuia uzazi. Ukipita makumi tano, mwaka moja. Damu ikirudi katikati, unaanza kuhesabu upya."

Akanipa kuchagua njia ya kuzuia mimba. Nikachukua kitanzi cha shaba kinachowekwa ndani ya kizazi: hakina dawa ya kusimamisha damu, kwa hiyo mwili wangu utasema wenyewe. Akaniambia kinaweza kukaa mpaka nimalize kweli.

Baada ya muda kidogo, damu ikarudi. Nyingi! Nikakaa chini kwenye choo nikalia. Kumbe mimba ingeweza kuingia bado, ningekuwa kaburini, kwa sababu ya kicheko cha watu wenye midomo ya mafuta ya sombe.

Kwetu kitambaa cha mwezi kinafuliwa kwa siri, kinakaushwa chini ya kikwembe cha kujifunga. Nilikifua, nikakianika juu ya kamba katikati ya uwanja wa nyumba, peupe, doa lake bado linaonekana.

Dada ya bwana akaingia. Akaziba pua.

"Aka! Uchafu gani huu? Ondoa, watu wataona!"

"Waone," nikasema. "Uende uwaite na wale wamama wa kanisa. Uwaambie aliyekauka amefua."