Majina Yaliyokuwa Yakinenepa

Pale kazini walimwita Herufi, na hakuchukia. Ujana wake wote alikuwa mchora vibao vya maduka, mwanamke peke yake kwenye ngazi, ndoo ya rangi kiunoni, wanaume wakipita chini wakimuuliza kama mumewe anajua aliko. Kompyuta zilipomlia mkate wake, hakukaa kulia. Alijifunza kompyuta. Sasa ana miaka hamsini na mmoja na anachora vibao vya aina nyingine: ile mistari miwili inayotokea chini ya picha mtu anapozungumza kwenye filamu, jina juu, cheo chini, ili mtazamaji ajue anamsikiliza nani. Wenyewe ofisini huviita vibao vya majina.

Watu hudhani hiyo ni kazi ya dakika mbili. Herufi angekwambia ukae chini kwanza. Jina liwe nene kidogo, cheo chembamba, basi, usilete aina tatu za maandishi kama mwaliko wa harusi ya watu wasiopatana. Kibao kisiguse ukingo wa skrini, maana televisheni nyingine hukata pembeni. Kisimzibe mtu mdomo. Kikae mpaka mtu asiye na haraka akisome mara mbili, kisha kiondoke. Na kikianza kushoto, kianze palepale kushoto mpaka mwisho wa filamu, kwa ukubwa uleule na rangi ileile, mtazamaji akizoee asikifikirie tena.

Yote hayo aliyajua. Alichokuwa hakijui mtu yeyote ni kwamba macho ya Herufi yalikuwa yanakwisha.

Yalianza kwa ukungu. Alibadilisha balbu ya mezani, akafuta skrini, akamlaumu aliyefuta skrini, ambaye alikuwa yeye mwenyewe. Halafu akaanza kusogeza kiti mbele. Ukimkuta asubuhi, pua yake imekaribia kioo kiasi cha kukibusu. "Dada, unataka kuingia ndani?" mhariri alikuwa akimtania, yule binti mwenye ulimi mwepesi aliyekaa meza ya pili. Herufi alicheka naye, kisha akarudisha kiti nyuma kidogo.

Maana mama yake alikufa kipofu. Presha ya macho. Miaka sita ya mwisho mama alikuwa akipapasa ukuta kutoka kitandani hadi mlangoni, na Herufi na mdogo wake wakijifanya hawaoni, ili asione aibu. Mdogo wake alipojua kwamba ule ugonjwa hufuata damu, alikwenda kupimwa wiki ileile, akaonekana mzima. Akamsihi dada yake naye aende. Kila mwezi akamsihi. "Nitakwenda nikimaliza hii kazi," Herufi alisema. Aliogopa, ndiyo habari yote. Aliona kwamba jambo lisilotamkwa na daktari bado halijawa. Tena nani atamwajiri mchora herufi asiyeziona? Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Huyu hakungoja kifo. Aliumbuliwa na kazi yake mwenyewe.

Kazi hiyo ilikuwa filamu ya wakunga. Dakika arobaini, watu ishirini na wawili wanaozungumza, imepigwa kwa miezi minane wodi hadi wodi. Mwongozaji, mzee mpole anayesikiliza zaidi ya anavyosema, alikuwa akileta mahojiano mawili matatu kwa wakati, na Herufi akiweka vibao kadiri yanavyokuja. Wakunga huvaa nyeupe. Maandishi meupe juu ya gauni jeupe hupotea kama chumvi kwenye maji, hivyo chini ya kila jina alitandaza ukanda mweusi unaopitisha mwanga kidogo. Kazi safi.

Mwanzoni alitengeneza kibao mama, kielelezo kimoja ambacho vingine vyote ni watoto wake: ukigusa mama, watoto wote wanabadilika. Vinne vya kwanza vilizaliwa hivyo. Cha tano kilikuwa cha muuguzi mkuu mwenye cheo kirefu kama treni. Hakikuenea, basi Herufi akakikata kutoka kwa mama yake, akakirekebisha peke yake. Hapo ndipo mkono wa zamani ulipomrudia. Mchora vibao wa ngazini hapimi kwa namba, hutazama kibao cha jana akachora cha leo kifanane nacho. Cha sita akakinakili kutoka cha tano. Cha saba kutoka cha sita. Na kila mara, kwa kuwa hakikusomeka vizuri machoni pake, akakiongeza kidogo. Kidogo tu.

Ukimwona seremala anakata mbao kumi kwa kupima kila moja juu ya iliyotangulia, mwache, atakuja kushangaa mwenyewe paa linapopinda.

Siku ya kuitazama filamu nzima kwa mara ya kwanza walikuwa watatu: mwongozaji, mhariri na Herufi. Zilibaki siku nne kabla ya kuionyesha ukumbini kwa wakunga wenyewe. Yule mkunga mzee anayefungua filamu ndiye pia anayeifunga, na kwa kuwa dakika thelathini na nane zimepita, jina lake hutajwa tena. Lilipotokea mara ya pili, mhariri alicheka.

"Haa! Mama amenenepa!"

Mwongozaji hakucheka. Aliomba warudi mwanzo, kisha mwisho, kisha wapitie katikati. Mhariri akanasa picha ya kila kibao, akazipanga ishirini na tatu kwenye skrini moja, kwa utaratibu wa siku zilivyotengenezwa. Hata kipofu angeona. Majina yalikuwa yanakua. La kwanza jembamba na la adabu, la mwisho limesimama kama linapiga kelele. Mhariri akasoma namba kwenye faili: arobaini na sita mara tano, arobaini na nane, hamsini na mbili, hamsini na tano, mpaka sitini na nne.

"Itakuwa ni programu," Herufi alisema. "Juzi ilijisasisha."

"Programu haiongezi kidogo kidogo kwa miezi minane," mhariri alisema, kisha akaondoa mkono kwenye kipanya, kwa sababu alikuwa ameuona uso wa Herufi.

Mwongozaji akamwambia binti aende akanywe chai. Mlango ulipofungwa, akaandika kitu kwenye kompyuta, akageuza kiti cha Herufi taratibu mpaka kikakaa hatua mbili kutoka kwenye skrini. Juu yake kilikuwepo kibao cha kumi na nane, ambacho Herufi alikijua kwa ukanda na uso wa mwenyewe.

"Nisomee mstari wa chini," alisema mwongozaji.

Herufi hakusita hata kidogo. "Mkunga wa zamu, wodi ya wazazi."

Aliisikia feni ikizunguka. Alijua kwamba amekosea kabla hajaambiwa.

"Nimeandika 'dereva wa gari la wagonjwa'," mwongozaji alisema kwa sauti ya chini. "Umesoma kichwani. Tangu lini, dada yangu?"

Alilia. Hakulia kistaarabu. Alimweleza habari ya mama, habari ya ukuta, habari ya kuogopa, na kwamba kama anafukuzwa basi afukuzwe sasa hivi, asingojeshwe. Mwongozaji alimwacha amalize.

"Filamu ni lini?" aliuliza.

"Siku nne."

"Hospitali ni kesho kutwa asubuhi. Leo na kesho tutengeneze hivi vibao. Niambie, tunafanyaje?"

Ajabu ni kwamba hilo alilijua. Akajifuta pua, mhariri akaitwa, na Herufi akakaa nyuma yake, mikono mapajani, akiagiza. Tupa vyote kumi na tisa vilivyokatwa. Rudi kwa kibao mama. Yule mwenye cheo kirefu, usimpunguzie herufi, mpunguzie maneno: "Muuguzi mkuu" inatosha, wa hospitali ipi, tumeshamsikia akisema. Pale bibi mmoja anapozungumza kwa lugha ya kwao na tafsiri inapita chini, tafsiri ipande juu ya kibao mpaka jina litoke, yasikanyagane.

"Na ukubwa, dada? Ule wa kwanza au wa mwisho?"

Alitaka kusema wa kwanza. Wa kwanza ulikuwa wa macho yake mazima. Lakini hakuwa na haki tena ya kusema kwa macho yake. "Toa simu yako," alisema. "Weka picha, nyoosha mkono, soma. Halafu weka kwenye televisheni, mzee asimame mlangoni, asome bila miwani." Arobaini na sita ilimshinda mzee mlangoni. Sitini na nne ilisomeka, ila ilifika kwenye kidevu cha mkunga mzee. Walisimama kwenye hamsini na nne. Mhariri akaiandika namba hiyo kwenye kibao mama, mara moja tu, na vyote ishirini na vitatu vikatulia mahali pake kwa pamoja. Herufi hakuviona vizuri. Aliwasikia wale wawili wakishusha pumzi.

Kesho kutwa yake mdogo wake alimshika mkono kutoka kituoni hadi kliniki, kwa nguvu kana kwamba angetoroka, na hakukosea sana. Walimtia dawa ya kupanua mboni, wakampima presha, wakamwambia abonyeze kitufe kila anapoona nukta ya mwanga. Kulikuwa na nyakati ndefu ambazo hakubonyeza. Nje ya mlango mdogo wake, aliyekuwa akikisikia kitufe kikilia, alikuwa akizihesabu, na Herufi alijua.

Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya kuchoka. Ule ukungu, alisema, ni mtoto wa jicho, unatolewa, usikutishe. Lakini presha ipo pia, macho yote mawili, na la kushoto imeshalila upande. Dawa ya matone italinda kilichobaki, kila siku, maisha yote. Kilichokwenda hakirudi.

"Mama, ulianza kuona tofauti lini?"

Wengi hujibu "siku nyingi". Herufi alitoa simu, akafungua ile picha ya vibao ishirini na vitatu vilivyopangwa, akamweleza ni nini na kila kimoja ni cha mwezi gani. Daktari aliishika muda mrefu. Alipitisha kidole kwenye majina, la kwanza, la pili, yote yakiwa sawa, kisha akasimama kwenye la saba, lile lililoruka kutoka arobaini na nane hadi hamsini na mbili.

"Siwezi kukuambia ni siku gani upande huu ulikufa," alisema. "Lakini hapa ulikuwa unajua."

"Nilijua," alisema Herufi.

Mdogo wake aligeukia dirishani. Daktari akafungua chupa ndogo, akamwonyesha jinsi ya kuvuta kope ya chini na kutazama juu, akamkabidhi. Tone la kwanza lilimwangukia shavuni likateremka hadi kwenye kola, akaomba radhi, akajaribu tena.