Gliserini ya Glodie

Tangu mumewe aachishwe kazi mgodini, Glodie alitunza ngozi yake kwa vitu vya bei ndogo vya famasia: sabuni isiyo na manukato, gliserini iliyochanganywa na maji, akiipaka mwili ukiwa bado na unyevu, kisha vazelini kidogo juu yake. Ngozi ikalainika kuliko zamani.

Kanisani, Kangwa, mwenzake wa kwaya aliyemchukulia kama dada mkubwa, akamuuliza, "Yaya, unapakalaka mafuta gani?"

Haya ikamponza Glodie. Akataja ile krimu ghali ya Ufaransa aliyokwisha kuiacha.

Jumapili iliyofuata Kangwa akaja mbio, kopo la krimu ile mkononi.

"Yaya, niliuzisha kikwembe yangu, ile kitenge ya ndoa, nikaipata! Leta mikono."

Glodie akainyoosha. Kangwa akachota krimu nyingi, akampaka Glodie kwanza, kabla ya kujipaka mwenyewe.