Sisi Tuliokuwa Tukisema

Kazi yangu mjini Njombe ilikuwa kuandika matangazo na taarifa za shirika linalozalisha mbegu za viazi mviringo. Halikuwa shirika kubwa. Lilikuwa na ofisi ya vyumba vitatu, mashamba ya mbegu nje ya mji, na ghala moja Makambako, ambako wakulima wengi walikuwa wakichukulia mbegu zao. Kila taarifa niliyoandika ilianza na neno Shirika. Shirika linawatangazia. Shirika linawakumbusha. Meneja wetu, mtu mpole aliyewahi kuwa mwalimu wa sekondari, alikuwa ameniambia wiki yangu ya kwanza: "Hapa hatuandiki sisi. Sisi ni neno la nyumbani. Mtu akisoma Shirika, anajua amesoma jambo la ofisi." Nilikubali. Hata shuleni nilifundishwa hivyo hivyo.

Msimu ule viazi vya Makambako vilianza kunyauka mchana wa jua na kuinuka tena jioni, halafu siku moja havikuinuka. Bwana shamba wetu alikwenda, akakata shina la mmea mgonjwa na kulining'iniza kwenye glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama wa maziwa ukateremka kutoka pale alipokata. Ulikuwa mnyauko bakteria. Alipofuatilia, aligundua kuwa walioathirika wote walikuwa wamechukua mbegu za shamba letu moja. Viazi vyenyewe vilipotoka kwetu vilionekana vizima kabisa. Ugonjwa huu unaweza kujificha ndani ya kiazi bila dalili yoyote, ndiyo maana mbegu hupimwa maabara. Za shamba lile hazikuwa zimepimwa.

Niliandika tangazo kama nilivyozoea. "Shirika limebaini uwepo wa ugonjwa wa mnyauko katika baadhi ya mashamba ya wakulima. Wakulima wanashauriwa kung'oa na kuteketeza mimea yote yenye dalili." Meneja alilisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, likapelekwa kwenye kundi la simu la wakulima na kubandikwa mlangoni pa ghala.

Hakuna aliyeng'oa.

Nilitumwa Makambako nikajue kwa nini. Nilifikia kwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, mama mmoja mjane mwenye shamba karibu na reli. Tulikuwa tumefahamiana muda mrefu. Nikifika kwake ilikuwa lazima niingie ndani, nikae jikoni, ninywe chai kwanza. Siku ile pia tulisalimiana kwa Kibena, kamwene, kamwene, akaniwekea kigoda karibu na moto.

"Mama, tangazo mmeliona?"

"Tumeliona."

"Sasa mbona hamng'oi?"

Alichochea moto kwanza. "Dada, lile tangazo tulilisoma wote pale ghalani. Mmoja akasema, haya, wamekuja kutuambia mashamba yetu ni machafu. Mwingine akasema hilo shirika linaongea kama jirani aliyepita njiani akaona ng'ombe wako anaumwa. Mimi ni mwenyekiti tu. Ningesema nini?"

Nilirudi Njombe na maneno yale kifuani. Usiku mzima nilikuwa nayasikia. Jirani aliyepita njiani. Tulikuwa tumewauzia ugonjwa kwa mikono yetu, halafu tukawaandikia kama watu waliousikia redioni.

Asubuhi nilimwambia meneja kwamba tangazo lazima liandikwe upya, na safari hii liandikwe kwa sisi. Alibisha kidogo. Nikamweleza kuwa kila siku inayopita ugonjwa unaingia zaidi kwenye udongo, na unahama na maji ya mvua kwenda mashamba ya chini. Akasema, "Andika, nione."

Nikaandika: "Tuliwauzia mbegu zilizokuwa na ugonjwa. Hatukujua, lakini ilikuwa kazi yetu kujua, na hatukuzipima. Tunawaomba radhi. Tunawaomba pia mng'oe mimea yenye dalili na iliyo jirani nayo, muichome, na msipande viazi wala nyanya hapo kwa misimu kadhaa."

Meneja alisoma mara mbili. Alikuwa amebadilika uso, lakini hakugusa neno. Kisha akauliza, "Na wakiuliza watapata nini?"

"Tutawapa mbegu nyingine?"

"Hilo ni la bodi. Bodi haijakaa. Usiahidi."

Nilikaa na kalamu mdomoni. Ningeweza kuliacha tangazo likaishia hapo. Au ningeandika kwamba suala la mbegu mbadala lingeamuliwa na bodi. Badala yake niliongeza sentensi moja: "Tutasimama nanyi msimu ujao."

Meneja akasema, "Hiyo ni nzuri." Nami nilijua kwa nini ni nzuri. Ilikuwa na joto, na haikuahidi kitu.

Mambo yalibadilika haraka. Kabla ya Jumapili mashamba yalikuwa yakifuka moshi huku na huko. Tangazo lilisomwa kanisani baada ya ibada, kwa Walutheri na kwa Wakatoliki pia, na watu waliokuwa wamenuna walipiga simu kuuliza namna ya kuchoma. Bwana shamba aliporudi alisema, "Sijui umewaandikia nini. Wamenipokea kama shemeji." Yule mama alinipigia mwenyewe. "Tumeng'oa, dada. Mimi nimeng'oa shamba zima, hata mimea iliyokuwa haijaonyesha dalili. Si mmesema mtasimama nasi?"

"Ndiyo, mama," nilisema. Nilikata simu.

Nilifikiria kumpigia tena nimwambie bodi haijaamua kitu. Nilijiambia bodi itakaa, bodi ni watu wazima, itatoa mbegu, na sentensi yangu itakuwa kweli yenyewe. Wiki zilipita nikijiambia hivyo. Nilipokutana na wakulima sokoni walinishika mkono kwa nguvu kuliko zamani, nami nilikuwa wa kwanza kuuachia.

Bodi ilikaa mvua za kupandia zikiwa zinakaribia. Iliamua kwamba mbegu mbadala hazitatolewa, ila wakulima watapunguziwa bei. Meneja aliniita.

"Waandikie taarifa. Kwa utaratibu wetu wa kawaida. Shirika linasikitika kuwajulisha."

"Lakini tuliwaambia tutasimama nao."

"Tuliahidi nini? Nionyeshe mahali tuliposema mbegu." Hakuwa na hasira, alisema kwa huzuni kidogo. "Kusimama nao ni kusimama nao. Na punguzo ni kusimama pia."

Nilirudi mezani, nikaandika Shirika linasikitika, nikaishia hapo. Niliiona kazi yangu kwa mara ya kwanza ilivyokuwa. Tulipotaka wakulima wafanye jambo gumu, tulikuwa sisi. Sasa tulipotaka kuwanyima, tumekuwa Shirika tena. Mimi ndiye niliyekuwa mlangoni, nikibadilisha nguo kadiri ya mgeni anayekuja. Na ile tu- yangu, ya tuliwauzia na tutasimama, ilikuwa na ubaya mwingine. Haikumtaja mtu. Ilikuwa mimi na meneja, na kwa msomaji ilikuwa ghala, bodi, bwana shamba, pengine hata yeye mwenyewe ndani yake. Mtu hawezi kwenda kumdai tu-.

Sikuandika taarifa ile. Nilimwomba meneja nikaseme mwenyewe kwenye mkutano wa kikundi. Akasema, "Nenda. Lakini useme yaliyoamuliwa, usiongeze."

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa ghala la Makambako. Nilipoanza kueleza uamuzi wa bodi, watu walianza kelele. Kijana wa kikundi alisimama akasema tumewachezea. Hapo yule mama akainuka kunitetea.

"Msimseme huyu. Hawa ndio walioandika wamekosea. Nani mwingine amewahi kutuandikia amekosea? Walisema watasimama nasi. Lazima kuna njia ambayo hajaisema bado."

Akageuka kuningoja niiseme. Nadhani sijawahi kujisikia mdogo kama wakati ule, mbele ya mtu anayenitetea.

"Mama, hakuna njia," nilisema. "Ile sentensi niliiandika mimi. Bodi ilikuwa haijaamua. Niliiandika hivyo ili msikie ahadi bila sisi kuahidi."

Yule mama alikaa chini polepole, akivuta kitenge magotini.

Baadaye ni yeye aliyeuliza, bila kunitazama, bodi inakaa wapi na anayeongoza ni nani. Nilimjibu. Walichagua wawakilishi wawili, yeye mmoja wao, wakaja Njombe. Meneja, ambaye hakuwa amewaita, aliwaruhusu waingie kikaoni na akakaa upande wao wa meza. Sijui yaliyosemwa mle ndani. Walipotoka bodi ilikuwa imekubali kuwapa mbegu zilizopimwa wote waliong'oa.

Taarifa hiyo niliiandika kwa sehemu mbili. Juu niliandika tulikosea, na tuliwafanya muamini kitu tulichokuwa hatujakiamua. Chini niliandika: "Shirika litatoa mbegu mbadala bila malipo kwa kila mkulima aliyeng'oa, kabla ya mvua za kupandia." Nikaweka cheo cha meneja, naye akasaini.

Niliipeleka kwa yule mama kwa mkono. Aliisoma amesimama.

"Huku mmesema sisi, huku mmesema Shirika. Mbona?"

"Kuomba radhi lazima aombe mtu, mama. Lakini ahadi nimeipa Shirika. Mimi naweza kuhama, meneja pia. Shirika likiwa limesaini, mnaweza kulidai hata tusipokuwepo."

"Hapo nimekuelewa," alisema. "Ungesema hivyo mwanzo, tungeng'oa vilevile. Mngetuambia bado hamjajua, tungeng'oa."

Hilo ndilo linalonirudia mpaka leo nikikaa kuandika. Nilidhani sentensi ile ya kusimama nao ndiyo iliyowafanya wang'oe. Kumbe walikuwa wameshaamini kwenye ile ya kwanza, tuliwauzia mbegu zilizokuwa na ugonjwa. Iliyofuata haikuwa na kazi yoyote isipokuwa kuwadanganya.

Mbegu zilifika mvua ikiwa imeanza kunyesha kidogo. Shamba lake la karibu na reli halikuweza kupokea viazi, akapanda mahindi hapo, na mbegu akazipeleka kwenye kipande alichokodi upande wa pili. Nilisaidia kushusha magunia. Alifungua moja, akakata kiazi kwa kisu akakikagua, akakata kingine. Zamani hakuwa akikagua kitu kilichotoka kwetu.

"Ahsante sana, dada. Mungu awabariki huko ofisini," alisema, kwa adabu kamili. Chai aliniletea nje, kwenye kiti, kama anavyoletewa mtu wa serikali. Nikainywa, nikashukuru, nikaondoka.