Vyeti Kumi na Vinne vya Fundi

Ofisini walimwita Sifuri, naye hakuona ubaya. Jina lake la kweli lilibaki kwenye hati ya mshahara na mdomoni mwa mama yake. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa karani wa malipo katika kampuni ya kusambaza dawa, dawati la dirishani, jirani na mashine ya kuchana karatasi. Kazi aliyoipenda kuliko zote ndiyo ambayo wenzake waliikimbia kama ukoma: kodi ya zuio.

Kwa asiyeijua, haina uchawi. Mzabuni akileta ankara ya milioni moja, hapewi milioni. Anapewa laki tisa na nusu, na ile elfu hamsini, yaani asilimia tano, inazuiwa ili ipelekwe serikalini kwa niaba yake. Siku ya malipo mfumo wa kompyuta unagawa wenyewe: deni la mzabuni linafutwa lote, laki tisa na nusu inatoka benki, na elfu hamsini inaandikwa kwenye akaunti ya dhima, ambayo ni pesa iliyo mkononi mwako lakini si yako. Mwezi ukiisha, kampuni inapeleka orodha mamlaka ya kodi, inalipa, na akaunti inarudi sifuri. Kisha mamlaka inamtolea kila mzabuni cheti kwamba kodi yake imeshatangulia, na mwisho wa mwaka kile kilichotangulia kinapunguzwa kwenye deni lake. Ndiyo yote. Watu wamesomea miaka minne kuelewa hilo, na wengine bado wanasoma.

Kila mwezi, kabla ya tarehe saba, Sifuri aliifikisha akaunti ile kwenye sifuri. Haikuwahi kubaki na senti. Jioni hiyo akifika nyumbani humwambia mkewe, "Leo imefika sifuri." Mkewe, muuguzi aliyeshinda na watu wanaoumwa kweli, humjibu, "Hongera. Nisogezee chumvi."

Mwezi wa tatu, asubuhi ya Jumanne, fundi cherehani wa kampuni aliingia ofisini na bahasha. Ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, anayeshona na kukarabati maovaroli ya wafanyakazi wa ghala kwa mkataba wa milioni moja kwa mwezi. Zamani karakana ilikuwa ya mumewe. Mume alipoona maisha mazuri yako kwa mwanamke mwingine, aliondoka na cherehani mbili nzuri akaacha tatu mbovu. Fundi akazitengeneza, akasajili biashara kwa jina lake, akaendelea kushona.

"Kaka, nisaidie," alisema, akakaa bila kukaribishwa. "Mamlaka wananidai laki sita na elfu arobaini ya mwaka jana. Nimewaambia kodi yangu mnaikata ninyi kila mwezi. Wananiambia hakuna cheti hata kimoja chenye namba yangu. Wamenipa siku kumi na nne, baada ya hapo wanaifunga akaunti yangu ya benki."

"Haiwezekani," alisema Sifuri, kwa upole wa mtu mwenye uhakika. Akafungua mfumo. Jina la fundi lilikuwepo, namba ya simu ya fundi ilikuwepo, akaunti ya benki ya fundi ilikuwepo. Malipo kumi na mawili ya mwaka jana na mawili ya mwaka huu, kila moja limekatwa elfu hamsini. Akaingia tovuti ya mamlaka kutafuta vyeti. Vyote kumi na vinne vilikuwepo, vimetolewa kwa wakati, vizuri ajabu. Vilikuwa na jina la mume.

Sifuri alirudi kwenye mfumo, akabonyeza ukurasa wa pili wa kumbukumbu za mzabuni, ule wa kodi, ambao hakuna mtu anayeufungua ila akilazimika. Namba ya mlipakodi iliyokaa pale ilikuwa ya mume. Barua pepe ya kupokelea vyeti nayo ilikuwa ya mume. Mamlaka haisomi jina, inasoma namba, na jina inalijaza yenyewe. Kwa miezi kumi na minne kampuni ilikuwa inamkata mke na kumwekea mtalaka wake.

"Ulituletea cheti chako cha usajili?" aliuliza, akitazama kioo cha kompyuta badala ya kumtazama mtu.

"Nililetaaa... nadhani nilileta." Fundi alisita. "Nakumbuka nilikuja hapa mwezi wa kwanza mwaka jana nikiwa na karatasi. Lakini kaka, kipindi kile kichwa changu hakikuwa changu. Ndugu za yule bwana aliyeniacha walikuwa wanasema nimechanganyikiwa. Nilikuwa nasahau hata mlango nimefunga au sijafunga. Huenda nilisahau. Basi, kosa langu."

Sifuri alipaswa kusema kitu. Alisema, "Tutaangalia, dada." Fundi akashukuru, akaondoka.

Alipobaki peke yake alienda kwenye kabati la mafaili. Hakuchukua hata dakika tano. Ilikuwa pale pale, imebanwa na pini: nakala ya usajili wa fundi, namba yake mpya, muhuri wa kupokelewa wa tarehe tatu Januari mwaka jana, sahihi ya Sifuri, na kwa mwandiko wake mwenyewe, ule mzuri anaojisifia: *Ukurasa wa kodi, kesho.*

Akakumbuka kila kitu. Kwa utaratibu, mmiliki akibadilika, unafungua mzabuni mpya, na hiyo ni fomu yenye sahihi tatu. Yeye, kwa kuwa mwezi ulikuwa unafungwa na sifuri yake ilikuwa inamsubiri, alibadilisha jina kwenye kumbukumbu ya zamani ya mume. Akaunti ya benki aliibadilisha kwa uangalifu wote, akapiga simu mara mbili kuhakikisha, maana pesa ikienda kusiko mtu anapiga kelele siku hiyo hiyo. Namba ya kodi haipigi kelele. Nayo kesho ile ilikuwa haijafika mpaka leo.

Basi tusemane ukweli. Mashine ya kuchana karatasi ilikuwa hatua moja kutoka kwake, imewashwa. Karatasi ilikuwa moja. Fundi mwenyewe alikuwa ameshakiri kosa ambalo hakulifanya, na nakala yenye muhuri hakuwa nayo. Msimwone Sifuri malaika. Alisimama pale muda wa kutosha mpaka taa ya mashine ikazima yenyewe, kama inavyofanya isipotumiwa.

Kilichomkaba si dhambi wala sheria. Ni lile neno: *huenda nilisahau.* Alikuwa amemwacha mtu mzima atoke mlangoni akiamini kwamba akili zake ndizo zilizomponza, na yeye akasema tutaangalia. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Akaichukua karatasi, akaenda kwa mhasibu mkuu.

Mhasibu mkuu ni mwanamke kijana, mkali, anayekula chakula cha mchana akiwa amesimama. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee wangu, kodi ilifika serikalini?"

"Ilifika yote."

"Akaunti ya dhima inasemaje?"

"Sifuri."

"Basi sisi tumemaliza. Hao wawili walikuwa mke na mume, wakapatane. Nikipeleka marekebisho ya miezi kumi na minne, mamlaka watakuja hapa kukagua mpaka vikombe vya chai."

"Wakapatane kwa lipi, Bosi? Yule bwana vyeti vilikuwa vinamwingia kila mwezi kwenye barua pepe. Amekaa kimya kama hana habari, na bila shaka ameshavitumia kupunguza kodi yake ya mwaka jana. Leo atavirudisha kwa huruma?" Sifuri akaweka karatasi mezani. "Na hii hapa. Alituletea. Nimeipokea mimi."

Bosi aliisoma. Aliusoma na mwandiko. Akaweka kijiko chini.

"Ungeweza kuificha hii, usinionyeshe kabisa."

"Ndiyo."

"Nitakuandikia onyo, unajua."

"Andika tu. Ila marekebisho yaende kwanza, zimebaki siku kumi na tatu."

Kazi yenyewe ilimchukua siku nne. Alifungua mzabuni mpya, fomu ikapata sahihi zake tatu. Akaandaa orodha kumi na nne za marekebisho, moja kwa kila mwezi: toa namba hii, weka hii, kiasi kile kile. Alipomaliza alitafuta maingizo ya kuandika kwenye leja, kwa mazoea, na hakukuwa na la kuandika. Jumla haikubadilika hata mwezi mmoja. Akaunti ya dhima ilikuwa sahihi siku zote, na ingeendelea kuwa sahihi mpaka yule mama afungiwe akaunti na cherehani zake ziuzwe. Sifuri aliitazama kwa muda. Kwa mara ya kwanza alijisikia mjinga kuipenda namba.

Siku ya tano simu yake iliita. Alikuwa mtalaka wa fundi.

"Kaka, naona vyeti vyangu vimefutwa."

"Vimerudi kwa mwenyewe."

"Sasa na mimi? Mamlaka wataniletea deni!"

"Watakuletea," alisema Sifuri. "Hilo litakuwa la kwako kweli."

Siku ya tisa walikutana na fundi kwenye ofisi ya mamlaka ya kodi, wakapanga foleni mbele ya dirisha namba nne, yeye na barua ya kampuni mkononi, fundi na ile bahasha yake. Onyo lilikuwa limeshaingia kwenye faili la Sifuri, la kwanza katika miaka kumi na tisa. Mkewe alipoambiwa aliacha kula, akamtazama, akasema, "Hapo sasa nakuelewa." Halafu akamsogezea chumvi ambayo hakuiomba.

Ofisa wa dirishani alisoma barua, akachungulia kompyuta, akabonyeza. "Vimeingia. Kumi na viwili vya mwaka jana, laki sita. Unadaiwa elfu arobaini tu, mama. Na viwili vya mwaka huu vinakusubiri kwenye hesabu zijazo."

Fundi alihesabu elfu arobaini pale pale, akalipa. Sifuri alitegemea kicheko, au angalau pumzi ndefu. Lakini fundi alikuwa ameshaichukua ile barua ya kampuni kutoka dirishani na alikuwa anaisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Kidole kikasimama katikati.

"Hapa mmeandika nilileta karatasi tarehe tatu Januari."

"Ndiyo, dada. Uliniletea mimi mkononi. Siku ile ulipokuja ofisini nilipaswa kukwambia, nikanyamaza. Nisamehe."

Fundi alirudisha kidole kwenye mstari ule. "Tarehe tatu," alisema. "Kwa hiyo nilikuja."

"Ulikuja. Na karatasi zilikuwa zimekamilika."

Akageuka dirishani. "Naomba mnitolee nakala ya hii."

"Ya nini tena, mama?" alisema ofisa. "Deni lako limeisha, risiti unayo."

"Risiti ni yenu," alisema fundi, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta. "Hii nataka niende nayo kwa ndugu zake yule bwana. Wasome wenyewe kwamba mwezi ule nilikuwa na akili zangu."

Ofisa alimtazama Sifuri, Sifuri akatazama chini. Kisha ofisa akainuka kwenda kwenye mashine ya kunakili, akarudi kuuliza anataka nakala ngapi.

"Wako saba," alisema fundi.