Njenga Alipokuwa Juu ya Mlingoti

Maryanne Opondo ni mtoto wa dada yangu, na akili hiyo mnayomsifia ameitoa upande wetu. Kazi yake ni kutunza seva ya ushirika wa wauza omena, dagaa wa ziwani, hapa Kisian; ndiyo inayoweka orodha ya mizigo yao yote. Seva yenyewe hamjawahi kuiona, wala yeye. Ni mashine ya kukodi inayokaa kwenye majumba ya kompyuta ya watu, mbali, na yeye huiamrisha akiwa kitini. Mimi hutengeneza injini za boti, kwa hiyo mambo haya nayaelewa vizuri kuliko anavyokubali.

Siku hiyo nilikuwa ofisini kwao nikinywa chai yao. Maryanne alikuwa ameongezea seva diski ya pili, maana picha za mizigo zilikuwa zimejaza ile ya kwanza. Akaiandika kwenye faili linaloiambia mashine ifungue diski zipi inapoamka. Akaizima na kuiwasha. Haikurudi.

Simu za wachuuzi mpaka Port Victoria zikakwama. Lori la barafu likasimama bila kujua omena ya nani iko ufuko gani. Mama Milka, mwenyekiti, akaingia na simu yake mkononi kama amebeba panya.

"Ni network ya Njenga tena!"

Kwetu kitu chochote kikikataa, ni network. Hata nyama ikikataa kuiva. Njenga ndiye aliyeweka mtandao wa jengo lile, kijana Mkikuyu wa mjini, mpole, na siku hiyo alikuwa pale pale ofisini.

"Mama, laini iko sawa," Njenga akasema.

"Kama iko sawa, mbona sioni kitu? Panda ukaangalie. Leo ikikataa, natafuta mtu mwingine."

Njenga akachukua kamba yake akapanda mlingoti wa antena ulio nje ya dirisha. Mawingu ya ziwa yalikuwa yameanza kuwa meusi.

Nikamwinamia Maryanne. "Eti network imekufa. Sasa hiyo seva yako unaiongelesha na nini, na filimbi?"

Hakucheka. Alikuwa amefungua dirisha linaloonyesha kile seva inachosema ikiwaka. Ilisema imengoja diski fulani, haikuiona, imesimama njiani. Ndiyo maana haikuwasha hata mtandao wake. Maryanne akalinganisha namba ya diski na ile aliyoandika. Herufi moja ilikuwa imekosewa.

"Ni mimi, Anko," akanong'ona.

"Basi mwambie Mama."

"Nitengeneze kwanza."

Seva ilikuwa inadai nenosiri la msimamizi mkuu ndipo imruhusu kurekebisha, na nenosiri hilo halikuwahi kuwekwa. Ikabidi aizime, achomoe diski yake kuu, yote kwa amri akiwa kitini, aibandike kwenye mashine nyingine ndogo ya kukodi kama diski ya pili. Ni kama kufungua injini iliyokwama na kuipeleka kwenye benchi la fundi; nilimwambia hivyo, akaniambia ninyamaze. Kwa haraka akafungua kimakosa faili la ile mashine ndogo yenyewe, akatafuta kosa, halipo. Kila mara alikuwa anatazama dirishani, ambako miguu ya Njenga ilikuwa inaning'inia na radi inanguruma upande wa ziwani.

"Mwite ashuke," nikasema.

"Dakika moja tu."

Akaifungua diski ya ile seva mgonjwa kwenye folda yake, akalipata faili lenyewe, akasahihisha herufi, akaongeza neno la kuiambia mashine isisimame hata diski ile ikikosekana. Akaifunga, akaichomoa, akairudisha kwenye seva yake kama diski ya kuwakia. Akaiwasha.

Seva ikaitika. Simu ya Mama Milka ikalia papo hapo, mizigo ikaonekana yote. Nje, Njenga alikuwa ndiyo anakaza kebo ambayo haikuwa imelegea.

"Si mnaona!" Mama Milka akapiga makofi. "Kebo! Nilisema nini? Mwambieni akishuka achukue vitu vyake."

Maryanne akasimama.

"Mama, si kebo. Ni mimi niliandika vibaya. Laini ya Njenga haikukatika hata kidogo, ndiyo niliyotumia kutengenezea."

"Ulijua lini?"

"Akiwa anapanda."

Mama Milka akaiweka simu yake mezani. Mimi nilikuwa na mzaha mzuri tayari, nikaumeza na chai.

"Njenga anabaki," Mama Milka akasema. "Lakini mimi simwambii. Nenda wewe."

Matone makubwa ya mvua yalikuwa yameanza. Njenga alikuwa ameshashuka, yuko kwenye bomba la tangi la maji, ananawa viganja vilivyochunwa na chuma. Maryanne akamweleza yote, hakubakisha.

"Ulijua nikiwa juu?"

"Nilijua."

"Na radi uliisikia."

"Niliisikia."

Njenga akajifutia mikono kwenye suruali, polepole. "Ungenipigia tu. Simu ilikuwa mfukoni. Na network ilikuwepo."

Akaingia ndani kujikinga. Maryanne akabaki palepale mvuani, na mimi, mjomba mzima mwenye mdomo wote huu, nikatoka mlangoni nikasimama naye.