Nyama ya Chini

Kwenye karakana ya Bwana Nemani, hapa Lautoka, mji wetu wa bandari kisiwani, chuma cha ziada tuliita nyama. Ukitaka kipande kilichokwisha kuchongwa chenye unene wa milimita sitini, huagizi chuma cha sitini. Unaongeza nyama kwenye kila uso utakaokatwa, ili mashine ipate cha kula na ngozi mbovu ya nje iondoke yote. Sisi kawaida yetu ilikuwa milimita tatu kwa kila uso. Aliyeamua hayo ni Surujbali, mwagizaji wetu wa chuma, na kwa miaka mingi hakuna aliyemuuliza swali.

Alikuwa mtu mwembamba, mchokozi wa maneno, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni hata jua likiwaka vipi. Mkewe Kamlawati alifariki, mabinti zake wako Brisbane na Auckland, na nyumba yake ya Tavakubu ikabaki na redio tu. Umri wa kustaafu ulimpita. Bwana Nemani alimwacha aendelee kwa sababu moja: alijua kuagiza chuma. Surujbali mwenyewe aliniambia waziwazi, "Apenisa mdogo wangu, siku nikikosa meza hii nitakaa nyumbani nihesabu mijusi." Nilicheka. Sikupaswa kucheka, maana hakuwa anatania.

Kazi iliyomvunja ilitoka kwenye machimbo ya kokoto. Mashine yao ya kusaga mawe ina kitalu, yaani pande zito la chuma, ambacho mkono wake unakiegemea, na kile cha zamani kilipasuka. Tulishawatengenezea vitalu hivyo mara nyingi. Kikishachongwa kina urefu wa milimita mia tatu, upana mia na hamsini, unene sitini. Mhunzi wa Suva ndiye hukifua chuma chenyewe, sisi tunakichonga.

Surujbali aliagiza bila kukuna kichwa. Urefu unakatwa ncha zote mbili, kwa hiyo mia tatu na sita. Upana unakatwa pande zote mbili, mia hamsini na sita. Unene akaweka sitini na tatu, kwa sababu tangu zamani uso wa chini wa kitalu kile haukukatwa. Ulilala ndani ya kiti kipana, yaani kitako cha mashine kinachokishika kitalu, ukabaki mweusi ulivyotoka kwa mhunzi, na hakuna aliyejali.

Ila safari hii machimbo walikuwa wamebadilisha kiti. Mchoro mpya ulikuwa na alama ya kukata kwenye kila uso, wa chini nao. Mchoro ulikuwa mezani pake. Aliutazama kama mtu anavyomtazama jirani wa siku zote, akasalimu na kupita.

Chuma kilipofika nilikiweka kwenye mashine, nikapima kabla ya kukata. Nikapima tena. Nikamwita.

"Kaka, hiki sitini na tatu."

"Ndiyo. Ulitaka nikuwekee na achari?"

"Chini nako kunakatwa."

"Chini hakukatwi, wewe. Hujachoka kunichokoza tangu asubuhi?"

Nilimshikisha mchoro. Akauweka karibu na uso, akausogeza mbali, akaurudisha karibu. Kicheko kilimtoka kidogo kidogo mpaka kikaisha. Nilitamani niwe nimekosea mimi.

"Tatu zipo," akasema. "Tugawane. Moja na nusu juu, moja na nusu chini."

Alijua na nilijua kwamba chuma cha kufua si mkate. Kina vishimo, kina magamba, na kimejipinda kidogo. Ndiyo maana ya tatu. Lakini nilikata kama alivyotaka, moja na nusu juu, nikageuza, moja na nusu chini. Unene ukafika sitini sawasawa. Nyuso zote mbili zikabaki na mabaka meusi, kama sufuria iliyosuguliwa na mtu mvivu. Nilichomeka sindano kwenye shimo moja la chini, ikazama karibu milimita nzima. Ningeendelea kukata mpaka pasafike, kitalu kingekuwa hamsini na nane, na mkono wa mashine usingekaa.

Bwana Nemani alikuja, akapitisha kidole juu ya mabaka.

"Tujazie kwa kuchomelea?" Surujbali akauliza, sauti imeshuka.

"Mzee, hapa ndipo mzigo wote unapokaa. Nikichomelea kitapinda na kitapasuka, kitue juu ya mguu wa mtu. Hapana." Kisha akasema taratibu, "Agiza kingine." Hakufoka. Afadhali angefoka.

Chuma cha aina ile hakikuwepo Suva, ikabidi kingojewe kutoka ng'ambo kwa meli. Machimbo yakasimama na vijana wao wakarudishwa nyumbani. Jumamosi, tulipokaa na bakuli la yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, nyuma ya karakana, alikuja mmoja wao, Waisale, binamu wa mke wangu. Alikunywa, akapiga makofi kama desturi, akauliza, "Ni nani huyu fundi wenu aliyesahau kwamba kitu kina chini?" Watu wakacheka, kwa kuwa Waisale hakujua kwamba mwenyewe amekaa pale pale. Surujbali alicheka pia. Akaomba bakuli limpite, hakunywa tena.

Hakuna aliyemfukuza. Kitalu cha pili kilikuja, kikakatika vizuri, machimbo yakafunguliwa, mambo yakaisha. Kwetu yaliisha. Kwake tatu ikawa nne. Nne ikawa sita. Mafundi wakaanza kunung'unika kwamba mzee anaagiza chuma kama anayenunua shati la mtoto, kubwa ili akue nalo. Nilipomuuliza alijibu, "Kuongeza hakuui mtu." Kweli hakuui. Kunakula siku tu, na visu, na chuma chenyewe.

Mwisho ulifika kwenye mhimili wa pampu. Kipenyo kilichokwisha ni themanini. Kwenye duara nyama huhesabiwa mara mbili, upande huu na ule, basi themanini na sita, na nondo ya tisini kutoka dukani ingetosha kabisa. Alinunua ya mia moja na kumi. Nilikereza tangu asubuhi, pito baada ya pito, maranda ya chuma ya bluu yakimwagika chini mpaka yakafunika viatu vyangu, na mhimili bado mnene. Nilikuwa nimekasirika, nakiri, lakini niliendelea kukata.

Alikuja mwenyewe, mikono nyuma, akasimama juu ya lile fungu. Aliinama, akachota konzi moja bila glavu, na mimi nikazima mashine.

"Utajikata, kaka."

"Haya yote ni mimi?"

"Chuma tu, kaka."

"Usinibembeleze, mimi si mtoto. Ungeagiza wewe, ungeagiza ngapi?"

Ningeweza kusema mia. Ningeweza kusema sijui. "Tisini," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa polepole. "Hata mimi najua ni tisini. Najua kabisa. Nikishika kalamu mkono unakataa." Akayamwaga maranda, akatazama kiganja kilichoanza kutoa damu mistari miembamba. "Mtu anayeogopa asiagize chuma, Apenisa."

Alikwenda kwa Bwana Nemani kuaga kazi. Hawakukaa muda mrefu. Nilimwona kupitia dirisha akifungua kifungo cha shingoni, jambo ambalo sikuwahi kuliona, kisha akachukua mkebe wake wa chapati za roti ambao hakuugusa, akatoka kwenye jua kali la kabla ya chakula cha mchana. Nyumbani hakukuwa na mtu wa kumuuliza mbona amerudi mapema.